Uzi: Mfadhili anataka mradi wa akili mnemba, bodi inakaa tarehe 28. Tutajuaje kama tuko tayari kweli?

Mratibu_Rangi3 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu.

Niko kwenye asasi ndogo hapa Temeke. Tunasomesha mabinti waliokatisha masomo, wengi wao kwa ujauzito, katika vituo vitatu: Mbagala, Tandika na Chamazi. Wanajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, na wanaofaulu wanaendelea hadi kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Kilio chetu cha miaka yote ni kimoja. Binti anaanza vizuri, ana daftari zake, ana ari, halafu baada ya miezi mitatu haonekani tena.

Sasa kuna mfadhili ametangaza ruzuku ya shilingi milioni 45 kwa miezi 12, kwa asasi zinazotaka kutumia akili mnemba. Mkurugenzi wetu anataka tuombe fedha za kutengeneza mfumo wa kubashiri ni binti yupi yuko karibu kuacha, ili mlezi wa kituo amfuate mapema. Fomu ina sehemu ya tathmini ya utayari yenye mambo matatu, yaani data, ujuzi na fedha, na kila moja unajipa alama 1 hadi 5. Kazi ya kuijaza nimepewa mimi.

Tunao mabinti 612 waliosajiliwa tangu 2020, wote wako kwenye Excel. Tuna afisa data mmoja ambaye mkataba wake unaisha Juni. Nimejaza data 4, ujuzi 2, fedha 3. Ila hiyo 4 ya data inanisuta, na bodi inakaa tarehe 28. Naombeni mnisaidie, mtu anapimaje jambo hili kwa ukweli na si kwa kubahatisha?

Dogo_Modeli

Dada, 612 ni ndogo sana. Akili mnemba inataka data nyingi, angalau mistari elfu kumi. Jazeni 1 hapo kwenye data kisha ombeni fedha za kukusanya zaidi. Au msihangaike na data yenu kabisa, siku hizi modeli kubwa zimeshafundishwa tayari, unalipia kwa mwezi unazitumia.

Mzee_wa_Kigamboni

Mimi nakubaliana na kijana hapo juu. Sisi huku Kigamboni tuna kikundi cha wafugaji wa kuku, na tunataka kitu cha kuwajibu wafugaji WhatsApp wanapouliza habari za chanjo na magonjwa. Hatuna data yoyote zaidi ya meseji zao. Je, na sisi hatuko tayari? Maana mtaalamu mmoja ametuambia tupo tayari asilimia mia.

Mama_Takwimu

Nimefanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwenye asasi kwa miaka mingi, nyingine za afya, nyingine za elimu. Naomba nianze na Mzee, maana swali lake ni jingine kabisa na tukilichanganya na la dada tutapotea.

Mzee shikamoo. Kwenu hamfundishi modeli, mnatumia iliyofundishwa na wengine. Hapo Dogo yuko sahihi, hamhitaji mistari elfu kumi. Ila mnahitaji maswali halisi ya wafugaji, tuseme 100, yaliyoandikwa kwa Kiswahili chao cha mtaani kama walivyoyatuma, na kila moja liwe na jibu lililoandikwa na daktari wa mifugo mnayemwamini. Mtaujaribu mfumo kwa maswali hayo kabla haujamgusa mfugaji hata mmoja. Kama hamna mtu wa kuandika majibu hayo 100, na wa kuyapitia tena kila baada ya miezi michache, basi hamko tayari, hata kama fedha mnazo.

Sasa dada Mratibu. Swali lako lina data ndani yake, na hapo hesabu ya mistari haikusaidii. Mabinti 612 ni idadi ya waliosajiliwa tu. Mfumo wa kubashiri unajifunza kutokana na wale ambao mwisho wao unajulikana. Nataka unijibu hili: kwenye hiyo Excel, safu inayosema binti aliishia wapi inaitwaje, na imejazwaje? Weka fomyula hizi mbili, badilisha herufi ya safu kulingana na faili lako:

```
=COUNTBLANK(H2:H613)
=COUNTIF(H2:H613,"Ameacha")
```

Halafu niambie mmeandika neno hilo kwa namna ngapi.

Mratibu_Rangi3

Ahsante sana mama. Safu inaitwa "Hali". Zilizo wazi ni 168. "Ameacha" ni 151. Ila nilipochuja nikakuta pia "Kaacha", "Ameacha shule", "Haji tena", na "Ameacha" nyingine yenye nafasi tupu mwishoni ambayo Excel inaihesabu peke yake. Ukizijumlisha zote zinafika 231. Sikuwahi kuiangalia safu hiyo kwa namna hii.

Mama_Takwimu

Hapo umeshapata kitu. Maneno yanasafishika, hiyo ni kazi ya nusu siku. Ninachokihofia zaidi ni maana ya "ameacha". Nani aliandika, aliandika lini, na alijuaje?

Nakupa kazi ya siku tatu kabla ya bodi. Chukua mafaili ya karatasi 60, uyachague kwa bahati nasibu kutoka vituo vyote, usichague mazuri. Kaa na walezi wa vituo. Kwa kila faili uliza mambo mawili tu: kilichoandikwa kwenye karatasi kinafanana na cha kwenye Excel? Na huyu binti kwa kweli yuko wapi leo? Piga simu. Usipompata, andika "hakupatikana", usikisie. Asasi nyingi hujipa alama za utayari zikiwa zimekaa mezani kwa mkurugenzi. Mafaili 60 yatakuambia zaidi ya fomu nzima.

Wakili_Ilala

Kabla hajaenda mbali, naomba niongeze la kisheria kwa ufupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na inazihusu asasi pia, si kampuni na mabenki peke yake. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za watoto na za afya ni taarifa nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi. Mabinti wenu wengi walisajiliwa wakiwa chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayeridhia.

Angalia fomu yenu ya usajili. Kama inasema taarifa zinachukuliwa kwa ajili ya masomo, je, kumpa binti alama ya hatari kwa kompyuta ni sehemu ya masomo? Na mtaalamu mtakayemwajiri, faili atalipeleka wapi? Kama seva iko nje ya nchi, kuna masharti yake. Na tafadhali usimtumie mtu yeyote humu hilo faili, hata ukifuta majina. Binti wa Chamazi mwenye miaka 16 na mtoto wa miezi minane anajulikana bila jina.

Dogo_Modeli

Wakuu, nadhani tunamtisha dada bure. Mimi nimewahi kuifanya kazi ya aina hii kwenye asasi nyingine, nao walikuwa na wanafunzi 800 na kidogo. Nilitumia aina ya modeli inayoitwa msitu wa maamuzi, nikapata usahihi wa asilimia 94. Mistari 800 tu. Kwa hiyo narudisha kauli yangu ya elfu kumi, inawezekana hata kwa data ndogo.

Mama_Takwimu

Dogo, nakuuliza kwa nia njema. Kati ya wanafunzi hao, wangapi kati ya 100 walikuwa wameacha? Na safu iliyoongoza kwa uzito kwenye modeli yako ilikuwa ipi?

Dogo_Modeli

Walioacha walikuwa kama 15 kati ya 100. Safu iliyoongoza ilikuwa "idadi ya ziara za nyumbani".

Mama_Takwimu

Haya, tuanze na hiyo 15. Mtu asiye na kompyuta akisema "wote watabaki", kati ya 100 atapatia 85. Kwa hiyo 94 yako unapaswa kuipima kuanzia 85, wala si kuanzia sifuri. Usahihi wa jumla hauelezi kitu pale tukio lenyewe linapokuwa nadra. Ungeuliza: kati ya walioacha, modeli iliwaona wangapi? Na kati ya iliowanyooshea kidole, wangapi waliacha kweli?

La pili ndilo zito. Ziara za nyumbani mlizifanya lini? Kwenye asasi nyingi mlezi anakwenda nyumbani kwa mwanafunzi baada ya kuona haji. Maana yake modeli yako ilikuwa inasoma nyayo za mtu aliyeshaondoka. Kwenye data ya zamani inaonekana ina akili sana. Ukiiweka kazini Jumatatu kwa wanafunzi walioko darasani, safu hiyo ni sifuri kwa wote, na modeli haioni kitu. Kila safu inayojazwa baada ya tukio inabidi iondolewe. Dada Mratibu, na wewe angalia kwako: "sababu ya kuacha", "tarehe mzazi alipoitwa", "ziara", zote hizo hazifai kubashiria.

Dogo_Modeli

Nimerudi kuangalia. Ziara zote zina tarehe ya baada ya mwezi wa mwisho wa mahudhurio. Nilipoiondoa hiyo safu usahihi umeshuka hadi 86. Nashukuru mama, ile ripoti nitawaandikia marekebisho.

Ila bado naamini kitu kimoja. Kama mahudhurio ya kila siku yapo, kubashiri mapema kunawezekana.

Matroni_Mstaafu

Nimelea kituo cha mabinti kwa miaka kumi na moja, sasa nimepumzika. Sijui habari za modeli, ila mahudhurio nayajua. Dada, kafungue madaftari ya mahudhurio. Angalia wino. Kama vema za mwezi mzima zimepigwa kwa kalamu moja, zimelala upande mmoja, hakuna iliyokosewa wala kufutwa, ujue zimejazwa siku moja mwisho wa mwezi ripoti ilipodaiwa. Simlaumu mwalimu, ana mabinti arobaini na vichanga vinalia nyuma ya darasa. Lakini usiniambie daftari hilo linajua binti alikosa Jumanne.

Na jambo jingine. Nilipokuwa kazini nilijua nani ataondoka kwa swali moja: nani anabaki na mtoto? Ikiwa ni bibi, binti anakaa. Ikiwa ni jirani kwa zamu, hatufiki mwezi wa tatu. Swali hilo kwenye fomu zetu halikuwepo.

Mratibu_Rangi3

Matroni shikamoo. Umenigusa, maana na kwetu swali hilo halipo. Kesho naanza mafaili 60.

Mhasibu_Asasi

Wakati dada anakwenda kwenye mafaili, naomba niulize habari za bajeti. Kwenye milioni 45, mmegawa vipi?

Mratibu_Rangi3

Rasimu ya mkurugenzi ni hii: mtaalamu wa kutengeneza mfumo milioni 24, laptopu na intaneti milioni 7, mafunzo ya walezi milioni 6, uratibu milioni 6, mengineyo milioni 2.

Mhasibu_Asasi

Sioni mstari wa kusafisha data. Mabinti 612, tuseme kila faili dakika 25 kulifungua, kulilinganisha na Excel na kurekebisha, bila kuhesabu simu. Hiyo ni saa 255, yaani mtu mmoja siku 32 za kazi, hafanyi kingine. Afisa data wenu ana siku 32 kabla ya Juni?

Na swali ninalowauliza wote wanaoniletea andiko la teknolojia: mwezi wa 13 nani analipa? Mfumo una seva ya kulipia, una mtu wa kuutengeneza ukiharibika, una mtu wa kuulisha mahudhurio kila siku. Asasi niliyowahi kuifanyia kazi ilipata mfumo mzuri kwa ruzuku ya mwaka mmoja. Ruzuku ilipoisha, mtaalamu akabaki na nywila, asasi ikabaki na mabango. Kwa hiyo alama ya fedha nisingeipima kwa milioni 45. Ningeipima kwa kiasi mnachoweza kutoa mfukoni mwenu mwaka wa pili bila mfadhili huyu.

Mama_Takwimu

Hiyo nywila ndiyo alama ya ujuzi pia. Watu wanadhani ujuzi ni kuajiri mtu wa kuandika programu. Kwa asasi ya ukubwa huu, ujuzi ni kuwa na mtu wa ndani, mwenye mkataba unaopita mwisho wa mradi, anayeweza kumuuliza mtaalamu yale niliyomuuliza Dogo na kuelewa jibu. Walioacha ni wangapi kati ya 100? Safu gani zimetumika na zilijazwa lini? Ukishindwa, mfumo unakosea kwa nani? Kama hakuna mtu wa hivyo, mtapokea chochote mtakacholetewa.

Mratibu_Rangi3

Wakuu, nimerudi. Imechukua siku nne badala ya tatu, maana Tandika mafaili mengine yalikuwa yamelowa. Naandika kama nilivyokuta.

Kati ya mafaili 60, 20 yalikuwa na hali inayoeleweka, yaani binti anaendelea au amemaliza, na karatasi inafanana na Excel. Mafaili 17 hali haikujazwa kabisa. Mafaili 23 yaliandikwa "ameacha" kwa namna moja au nyingine. Hao 23 ndio tuliowafuatilia mmoja mmoja na walezi.

Walioacha kweli, wako nyumbani au kwenye biashara ndogondogo, ni 9. Sita wamerudi shule rasmi za sekondari. Wanne walifanya Mtihani wa Maarifa, wakafaulu, wakahamia kituo kingine karibu na kwao, hakuna aliyerekebisha Excel. Wanne hawakupatikana, namba zinapokelewa na watu wengine.

Wale sita wameniliza. Mmoja yuko kidato cha tatu, mlezi alimpigia akiwa anatoka shule. Kwetu ameandikwa "Haji tena".

Na madaftari ya mahudhurio ni kama Matroni alivyosema. Mbagala wanajaza kila siku, unaona kabisa, kuna mikwaruzo na chai iliyomwagika. Vituo vingine viwili ni wino mmoja mwezi mzima.

Mama_Takwimu

Kazi nzuri sana dada, na nakupa pole na hongera kwa pamoja. Sasa tazama umepata nini.

Kati ya 23 walioandikwa wameacha, 9 tu ndio unaoweza kusimama mbele ya bodi ukasema waliacha. Kumi walifanikiwa. Mfumo ukifundishwa kwa faili lilivyo, utajifunza kwamba binti mwenye bidii anayerudi shule rasmi yuko "hatarini", na mlezi atatumwa kwenda kumzuia.

Angalia pia mwaka. Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba waliokatisha kwa ujauzito wanaweza kurudi shule rasmi. Kabla ya hapo, binti akiondoka kituoni mara nyingi ni kweli amepotea. Baada ya hapo kuondoka kunaweza kuwa ndiyo mafanikio yenyewe. Neno ni lile lile kwenye safu, maana imegeuka katikati ya data yenu. Hakuna mtaalamu atakayeliona hilo kwa kuangalia faili, ni lazima aambiwe na ninyi.

Sasa idadi. Tisa kati ya 60, ukizidisha kwa 612, unapata kama 92 walioacha kweli, na wengine wamejificha kwa wale ambao hali yao haikujazwa. Andiko la mkurugenzi linataka kutumia taarifa ngapi za binti kubashiri?

Mratibu_Rangi3

Thelathini na nne. Umri, mtaa, kipato, umri wa mtoto, ndoa, umbali na kadhalika.

Mama_Takwimu

Wazee wa takwimu wana kanuni ya mkono: kwa kila taarifa moja unayoitumia kubashiri, uwe na matukio kama kumi. Kanuni hii inabishaniwa, na kuna njia za kuilegeza, lakini inakuonyesha ukubwa wa pengo. Matukio 92 yanabeba taarifa tisa hivi. Thelathini na nne zitakupa mfumo unaokariri mabinti wa zamani na kuwakosea wapya. Usipimwe kwa 612, pimwa kwa 92.

Nina swali moja la mwisho, na kwangu ndilo lingekuwa la kwanza kwenye fomu ile. Walezi wenu wanaweza kutembelea nyumba ngapi kwa wiki? Na kwa wiki, mabinti wangapi hukosa siku tatu mfululizo?

Mratibu_Rangi3

Walezi ni watatu, kila mmoja anaweza nyumba 8, kwa hiyo 24. Walioko darasani sasa ni 140. Nimewauliza walezi wahesabu wiki nne zilizopita, vituo vyote, kwa kumbukumbu zao na za viongozi wa darasa: 14, 19, 11, 17.

Mama_Takwimu

Basi hakuna foleni. Mfumo wa kubashiri kazi yake ni kupanga nani atangulie pale wanaohitaji wanapozidi uwezo wenu. Ninyi mnaweza kuwafikia wote waliokosa siku tatu, kila wiki, na nafasi inabaki. Kwa nini hawafikiwi?

Mratibu_Rangi3

Nauli. Mlezi anapewa nauli ya ziara tatu kwa wiki. Zilizobaki anapiga simu, na namba nyingi hazipo hewani.

Mhasibu_Asasi

Nauli ya daladala na bodaboda kwa ziara moja, tuseme 3,000 kwenda na kurudi. Ziara 24 ni 72,000 kwa wiki. Mwaka mzima, hata bila kutoa likizo, ni 3,744,000.

Dogo_Modeli

Hesabu hiyo inaumiza, kweli. Lakini naomba nisimame hapa kidogo. Kanuni ya siku tatu inamkamata binti akiwa ameshaanza kuondoka. Ninachosema mimi ni kumjua miezi miwili kabla, akiwa bado anakuja kila siku. Hilo kanuni hailiwezi.

Mama_Takwimu

Hoja hiyo ni halali, Dogo, na sina jibu la kuifunga. Huenda inawezekana. Ila kwa hilo unahitaji mahudhurio yenye tarehe za kweli, na kati ya vituo vitatu kimoja tu ndicho chenye nayo. Ningesema mwaka mmoja wa kujaza kila siku, kwa simu kupitia programu ya kujaza fomu ya KoboToolbox au hata kwa daftari linalopigwa picha kila jioni, pamoja na lile swali la Matroni la nani anabaki na mtoto. Baada ya mwaka, linganisheni. Modeli ikishindwa kuipita kanuni ya siku tatu, muiache.

Matroni_Mstaafu

Na mimi niseme langu. Hata kama itaweza, orodha hiyo ataiona nani? Nimewahi kuona karatasi ya "wanafunzi wa kuangaliwa" imesahaulika juu ya meza ya mwalimu. Binti akalisoma jina lake. Alikuwa hajakosa hata siku moja. Wiki iliyofuata hakuja. Nilikwenda kwao mara tatu.

Wakili_Ilala

Hilo la Matroni liingie kwenye andiko kama lilivyo: nani anaruhusiwa kuona, inakaa wapi, inafutwa lini.

Mhasibu_Asasi

Sasa dada, fomu unaijazaje? Ukiandika data 1, ujuzi 1, fedha 1, umejitoa mwenyewe. Tangazo linasema akili mnemba. Mimi ningesema ombeni hivyo hivyo, muweke kusafisha data ndani kama awamu ya kwanza.

Mama_Takwimu

Sikubaliani na wewe hapo, Mhasibu. Ukiahidi mfumo ndani ya miezi 12 huku mahudhurio ya kweli yanahitaji mwaka mzima, utafika mwezi wa kumi umeshikwa shati, na mtaalamu atakutengenezea chochote kutoka kwenye lile faili la zamani. Andika barua kwa mfadhili, muulize kama anafadhili maandalizi peke yake. Wengine wanakubali.

Mhasibu_Asasi

Na wengine hawajibu, tarehe inapita, na nauli ya walezi bado haipo.

Mratibu_Rangi3

Nawasikia wote wawili. Nimeshazungumza na mkurugenzi leo mchana. Hakufurahi, ila nilipomwonyesha wale sita waliorudi shule alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba majina yao.

Nitakachopeleka kwa bodi ni hivi. Data 1, na jedwali la mafaili 60 nyuma yake. Ujuzi 2, tukiongeza mkataba wa afisa data mwaka mmoja, vinginevyo 1. Fedha sijajaza, naiachia bodi, kwa sababu swali la mwezi wa 13 ni lao. Nimeomba 3,744,000 ya nauli itoke kwenye akiba yetu kuanzia mwezi ujao, iwe tumepata ruzuku au tumekosa. Fomu ya usajili wakili wetu wa kujitolea anaiandika upya, na swali la nani anabaki na mtoto limeingia. Barua kwa mfadhili imekwenda jana, hajajibu.

Bado sijui kama tuombe au tusiombe. Bodi nayo imegawanyika.

Mzee_wa_Kigamboni

Binti yangu, na yale mafaili 17 ambayo hali haikujazwa? Hujasema umeyafanyaje.

Mratibu_Rangi3

Mzee shikamoo. Bado. Tisa kati yake ni ya Tandika, na mlezi wa pale anasema wawili anawaona sokoni wakiuza mboga. Jumanne asubuhi tunakwenda naye.